Aliyenyamaza Hajatulia

Wimbo wa kwanza nilioandikia wadi ya watoto uliua mazungumzo kwa mistari miwili. Nilikuwa nimesimama kati ya vitanda, leso ya kuazima mabegani ili nionekane wa nyumbani, nikaanza:

Usiogope mtoto,
hakuna kitu kibaya.

Kijana mmoja wa miaka mitano hivi, mguu wake umefungwa plasta mpaka pajani, aliacha kuchezea gari lake la kizibo. Akaniangalia, akaangalia mlango, akauliza, "Kwani kuna nini, anti?"

Hakuwa na habari ya kuogopa chochote saa hiyo. Mimi ndiye nilimletea. Sista wa zamu alicheka kwa adabu, akanishika mkono akanitoa hadi kwenye meza yake. "Mwanangu," akasema, "hiyo 'usiogope' yako ndiyo tunasema tukiwa tumeshika sindano nyuma ya mgongo. Hawa watoto wanaijua."

Nilikuwa nimeitwa pale kwa sababu ndogo. Sista huyo anasali na mathe, na alisikia mimi naandika. Nilipoacha chuo mwaka wa pili watu wengi wa kanisa waliacha kuniuliza habari za kazi, lakini yeye aliuliza. Alitaka wimbo mmoja mpole wa jioni, wa kuimbwa taa zikipunguzwa, unaosema kwamba mtoto anaogopa bila kumtisha. Malipo yalikuwa nauli na chai. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Ilinichukua miezi miwili, na sehemu kubwa ya miezi hiyo sikuitumia kutunga. Niliitumia kusoma habari za mtu mmoja wa Skotilandi aliyeingia wadi za London miaka ya baada ya vita, akaona jambo ambalo madaktari walikuwa wakilipita kila siku.

Jina lake ni James Robertson. Alizaliwa mwaka 1911 katika familia ya wafanyakazi karibu na Glasgow, akaacha shule mapema akaingia kiwanda cha chuma. Hapo nilimpenda tayari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mkewe Joyce walifanya kazi kwenye vituo vya watoto vya Hampstead, London, vilivyoendeshwa na Anna Freud, binti wa yule Freud mnayemjua. Kazi ya Robertson mwanzoni ilikuwa ya mikono: kutengeneza vitu, kuwasha tanuri. Lakini Anna Freud alikuwa na sheria moja: kila mfanyakazi, hata wa tanuri, alitakiwa kuandika kwenye kadi kile alichoona watoto wakifanya. Aliandika alichokiona kwanza, na maana yake ikatafutwa baadaye.

Mwaka 1948 daktari John Bowlby wa kliniki ya Tavistock alimchukua Robertson akachunguze watoto waliotenganishwa na wazazi. Mahali pa wazi pa kuwapata ni hospitalini. Ili uelewe alichokikuta, lazima ujue saa za kutembelea wagonjwa za wakati ule. Katika hospitali ya Guy's, mzazi aliruhusiwa kumwona mtoto Jumapili, saa nane hadi saa kumi mchana. Basi, hadi Jumapili nyingine. Katika St Thomas', mwezi wa kwanza hakukuwa na kutembelea kabisa, ila mzazi aliweza kuja kati ya saa moja na saa mbili usiku kumwangalia mtoto akiwa amelala. Hebu fikiria mama amesimama pale, haruhusiwi kumwamsha.

Waliotunga sheria hizo hawakuwa wanyama. Waliogopa maambukizi, na kabla ya dawa za kuua bakteria kuenea, hofu hiyo ilikuwa na mashiko. Lakini kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo ndiyo inatuhusu. Wauguzi walikuwa wameona kwamba mtoto hulia sana siku ya kwanza, kisha baada ya siku chache hunyamaza. Anakula, anakaa kitandani, hasumbui. Mama akija Jumapili, kilio kinarudi upya. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: mama ndiye analeta kilio. Mtoto "ameshatulia", msimvuruge.

Robertson alikaa kwenye wadi na daftari lake akaona hatua tatu badala ya mbili. Kwanza mtoto anapinga: analia, anatikisa kitanda, anaangalia mlango kila unapofunguka. Pili anakata tamaa: ananyamaza, anajikunja, anakubali kila kitu. Hii ndiyo wadi ilikuwa inaita kutulia. Tatu anajiondoa: anacheka na kila muuguzi, anapokea peremende, na mama yake akija anamtazama kama mgeni. Hatua ya tatu ndiyo ilimwogofya Robertson zaidi, kwa sababu kwa mtu mwenye haraka inaonekana kama furaha.

Aliwaambia madaktari. Hawakumsikia. Yeye si daktari, hana cheo, na maneno yake yalikuwa dhidi ya maneno ya watu waliozunguka wadi kwa miaka ishirini. Kwa hiyo akanunua kamera ya filamu, ingawa hajawahi kuitumia, na mwaka 1951 akamfuata mtoto mmoja.

Katika filamu hiyo msichana anaitwa Laura. Ana miaka miwili na miezi mitano, amekuja kufanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu, atakaa siku nane. Robertson alijua watasema amechagua mtoto mdeke, kwa hivyo Laura alipatikana kwa bahati nasibu. Alijua pia watasema amechagua dakika za kilio tu, kwa hivyo alipiga picha kwa vipindi vilivyopangwa kila siku, na saa ya ukutani inaonekana. Na kumbe bahati nasibu ilimpa mtoto ambaye karibu halii. Laura alikuwa amezoea kujizuia. Unachokiona ni uso. Anauliza mama yake yuko wapi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza matatu ya mjini, kisha mdomo unatetemeka kidogo, kisha anaurudisha mahali pake. Anashikilia mwanasesere wake wa dubu na kipande cha blanketi. Siku ya kwenda nyumbani anakusanya vitu vyake vyote, hataki hata kimoja kibaki, halafu anakataa kushika mkono wa mama.

Filamu ilionyeshwa mbele ya chama cha kifalme cha madaktari, London, Novemba 1952. Ukumbi ulikasirika. Wengine walisema mtoto si wa kawaida, wengine wakasema wadi si ya kawaida, wapo waliotaka filamu isionyeshwe tena. Mmoja wa waliokasirika alikuwa daktari wa watoto Dermod MacCarthy, wa hospitali ya Amersham. Alirudi kwenye wadi yake na hasira zake, na pale, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, akaanza kusikia watoto wakilia. Si kwamba walianza kulia siku hiyo. MacCarthy akaanza kuwaruhusu akina mama walale na watoto wao, na mwaka 1958 Robertson alirudi na kamera, safari hii Amersham, akapiga filamu ya mtoto aliyelazwa na mama yake kando. Mwaka 1959 kamati ya serikali chini ya daktari wa upasuaji Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto bila kubanwa na saa. Mapendekezo hayakutekelezeka yenyewe: ilibidi akina mama waunde chama chao mwaka 1961 kuzikumbusha hospitali, moja baada ya nyingine.

Nilisoma haya yote usiku mmoja kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikasimama kwenye ile hatua ya pili. Mtoto ananyamaza, wadi inaita kutulia. Mimi namjua huyo mtoto. Nikiwa na miaka sita nililazwa siku kumi na mbili kwa sababu ya mapafu. Siku ya pili mathe aliniambia anaenda kununua mandazi. Hakurudi hadi kesho yake jioni. Nakumbuka sikulia. Nakumbuka sista mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu ni mtoto mzuri, hasumbui." Nilikula mandazi alipoyaleta. Na kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu akiniambia "nakuja saa hii," nilikuwa nachukua mkoba wangu na kumfuata hadi choo.

Kwa hivyo wimbo wa wadi una kosa moja kubwa unaloweza kufanya, nalo ni kumnyamazisha mtoto. "Usiogope" ni amri ya kunyamaza iliyovaa nguo za huruma. Watafiti wa Kanada waliowatazama watoto wakidungwa sindano waliona jambo linalofanana: mzazi anaporudia "usijali, ni sawa, ni sawa," mara nyingi mtoto huhangaika zaidi, si kidogo. Maelezo mojawapo ni kwamba mtoto anasikia woga wa mzazi ndani ya sauti hiyo. Kama kweli hakuna kitu, mbona unaniambia mara sita?

Sawa. Lakini ukitaja woga, unautaja vipi? Hapo nilipata msaada kwa Mmarekani, Fred Rogers wa Pittsburgh, ambaye kipindi chake cha watoto kilianza kuonekana Marekani nzima mwaka 1968. Rogers alijifunza saikolojia ya watoto kwa miaka mingi chini ya Margaret McFarland, na alikuwa mtunzi wa nyimbo. Moja ya nyimbo zake ni ya mtoto anayeogopa kwamba maji ya bafu yakitoka, naye atanyonywa na lile tundu. Mtu mzima anacheka. Rogers hakucheka. Alitaja tundu lenyewe, akaeleza kwamba mtoto ni mkubwa kuliko tundu. Alitaja woga huo mmoja, akautolea sababu moja ya kweli, akaishia hapo.

Kuna kisa kingine chake ambacho nilikiandika ukutani. Katika kipande kimoja kuhusu hospitali, muuguzi anafunga mkono wa mtoto kwa kile kitambaa cha kupima presha na kusema atakijaza hewa. Tatizo ni kwamba maneno ya Kiingereza aliyotumia ndiyo hayo hayo hutumika kwa kulipua bomu. Rogers alisimamisha kazi, sauti ikarekodiwa upya kwa maneno mengine. Alijua mtoto hasikii muktadha, anasikia neno.

Nikageukia Kiswahili chetu cha wadi, na manze, ni uwanja wa mabomu. Mtu mzima anasema "utachomwa sindano". Mtoto anajua nyama choma. Tunasema "atapasuliwa kesho". Mtoto ameona kuni zikipasuliwa. Tunasema "tutatoa damu", yote? Tunasema "utalazwa usingizi," kwa mtoto ambaye mwezi uliopita alikuwa matangani akaambiwa guka amelala. Juu ya hayo, watoto wengi wanafika wadi wakiwa na somo la nyumbani tayari: ukisumbua, nitakupeleka kwa daktari akudunge. Tumeitumia sindano kama kiboko, halafu tunashangaa mtoto akiiona anajua amefanya kosa.

Rasimu ya pili ya wimbo niliitega mwenyewe kwenye uwanja huo. Nilifanya sindano iwe mdudu mdogo anayeuma kisha anaruka zake. Nilijipongeza kweli. Sista alisoma, akavua miwani. "Kuuma," akasema. "Kwa mtoto ni kuumwa kwa meno. Na mdudu anayeuma hapa Kenya ni nani? Nusu ya hawa wameletwa na mbu." Nikafuta. Sindano ibaki sindano. Jina la kawaida halitishi kama kitu kilichovaa kinyago, kwa sababu mtoto anaweza kukiangalia na kuona ukubwa wake.

Rasimu ya tatu ilikuwa na kuhesabu: moja hadi tano, na kwenye tano sindano imetoka. Kuhesabu ni kitu kizuri, kinampa mtoto kazi. Lakini sista alinionyesha mkono wa mtoto mmoja mdogo, mweupe kwa plasta ndogo ndogo. "Huyu mshipa wake tuliutafuta mara nne. Ukimwahidi tano na tukafika kumi na nane, umetufanya waongo sote, na kesho hatakupa mkono." Kwa hiyo namba ikatoka, ikaingia pumzi. Kupuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji, hakuna mwisho unaoweza kuvunjwa. Unapuliza mpaka kazi iishe, hata ikichelewa. Na kupuliza kunafanya kazi yake mwilini pia: pumzi ndefu ya kutoka inalegeza mabega na mkono, na mkono uliolegea hauumii kama uliokazwa.

Rasimu ya nne ilikuwa na neno "mama" kila ubeti. Sista hakusema kitu. Alielekeza kidevu kwenye vitanda. Kwenye kimoja alikuwa nyanya, kingine baba wa bodaboda na jaketi lake la kuakisi mwanga, kingine dada wa miaka kama kumi na sita. Nilitafuta neno linalotosha wote, nikalipata kwenye midomo ya watoto wenyewe. Walikuwa wanasema "huyu ni wangu."

Wadi hii si London ya 1951. Kwenye wadi zetu nyingi, mzazi analala na mtoto, mara nyingi kitanda kimoja, na hakuna anayemfukuza hadi Jumapili. Lakini mtu huyo lazima atoke. Anaenda kutafuta pesa ya dawa, anaenda kuona wale waliobaki nyumbani, anasimama nje ya mlango wa thieta kwa sababu hapo ndipo mwisho wake. Na ushauri anaopewa bado ni ule ule: toka akilala, asikuone. Ubeti wa tatu niliuandikia jambo hilo moja. Ubeti ambao wangu anaaga.

Huu hapa, kama ulivyo sasa:

Leo mimi naogopa,
mikono ina baridi,
moyo unapiga mbio,
namwambia mtu wangu.

Sindano itanidunga,
pengine nitaumia,
nitapuliza fu fu fu
mpaka iishe kazi.

Wangu akitoka hapa
ataniaga kwa jina;
nikilia si makosa,
nguo yake naishika.

Leo mimi naogopa,
nimesema, ni sawa tu.
Sista ameacha taa,
asubuhi itafika.

Ni mizani nane kwa mstari, urefu wa pumzi moja ya mtu mzima aliyekaa. Sauti hazizidi tano, ili nyanya aliyechoka aweze, na mwendo unabembea tatu tatu, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu hadi mguu akiwa amebeba mtoto. Ubeti wa kwanza unaanzia mwilini kwa makusudi. Mtoto wa miaka minne anaweza asijue neno "wasiwasi", lakini baridi ya mikono anaijua. Nilijaribu kuufanya Woga uwe mgeni mdogo anayeketi kitandani, nikaufuta kabla sista hajauona. Usiku, taa zikiwa chini, hakuna mtoto anayehitaji kuambiwa kuna mtu ameketi kitandani pake.

Kuna ubeti wa tano ambao hauimbwi kwa wote:

Dawa itanisinziza,
kisha itaisha nguvu,
nitaitwa jina langu,
nifungue macho yangu.

Huu sista anauimba kando ya kitanda kimoja tu, kwa mtoto anayeenda upasuaji mdogo, na tayari ameshamweleza kwamba usingizi wa dawa si ule wa nyumbani wala si ule wa matangani. Kwa mtoto aliye mahututi hauimbi. Ubeti huu ni ahadi, na yeye haahidi asichoshika mkononi. Nilimuuliza kama tungeweza kuulegeza ufae kila mtu. Akasema hapana, wimbo mmoja haufanyi kazi zote, mengine ni ya kukaa tu na mtoto.

Akaongeza masharti mawili. La kwanza, wimbo usiimbwe sindano ikiwa inakaribia tu. Ukifanya hivyo mara tatu, mstari wa kwanza unakuwa king'ora: wakisikia "leo mimi" wanaingia chini ya blanketi. Uimbwe kila jioni, hata siku ambayo hakuna cha kuogopesha, ndipo siku ya sindano uwe tayari wa kwao. La pili, usichezwe kwa simu. Anayeimba lazima aweze kunyamaza katikati ya mstari akiona uso wa mtoto umebadilika.

Na unajuaje kama umebadilika vibaya? Nilidhani nitajua kwa kilio. Wiki ya kwanza tuliyoimba wimbo huu, msichana mmoja wa miaka minne ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe, mtoto ambaye kila mtu alimsifu kwa utulivu, alinitazama hadi mwisho wa ubeti wa kwanza, akasema, "Naogopa." Kisha akalia. Akalia hasa, kamasi na yote, na shangazi yake aliyekuwa amesinzia kwenye kiti akaamka akamchukua. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Nilimwendea sista nikamwambia nimeharibu.

"Umeona akitazama mlango?" akauliza. Hapana. "Alijikunja?" Hapana, alinyoosha mikono. "Alimtafuta mtu wake?" Ndiyo. "Basi amerudi," sista akasema, akaendelea kuandika kwenye faili. Mtoto aliyetishwa anajifunga: anashika pumzi, anavuta blanketi, macho yanaenda mlangoni. Huyu alifunguka. Robertson angeandika kwenye kadi kwamba mtoto ametoka hatua ya pili akarudi ya kwanza, na wadi nzima ingelalamika kuhusu kelele.

Jumapili hiyo nilienda nyumbani. Mathe alikuwa anachambua maharagwe. Nilimuuliza kuhusu mandazi, nikidhani atasema hakumbuki.

"Sista ndiye aliniambia nikudanganye," akasema. "Ati ukiniona nikienda utalia, utashtua kifua. Mdogo wako alikuwa na miezi mitatu, nilikuwa nimemwacha kwa jirani." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Niliporudi hukunikimbilia. Ulichukua mandazi ukasema asante. Asante, kama mgeni. Nililia choo cha hiyo hospitali mpaka mtu akagonga."

Sikuwa na la kusema. Nilivuta kigoda nikakaa upande wa pili wa ungo. Baada ya muda akaniambia nimwimbie huo wimbo wangu, nikamwimbia, na kwenye ubeti wa tatu aliacha kuchambua. Jioni nilipochukua mkoba wangu kuondoka, alinisindikiza hadi steji, akasubiri matatu ijae, na ilipoanza kusonga akaniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo, akaniaga.

Nilimpungia mkono mpaka tukapinda kona.